Treni nne tu kwa siku: jinsi ya kupanga kwenda na kurudi bila kulala stesheni

Naandika hii kwa sababu kila baada ya wiki kadhaa kuna mtu ananiuliza swali lilelile, "nataka kwenda kituo fulani kule ndani, treni ziko chache, nitarudije?" na nikimuuliza ameshapanga nini anajibu ameshajua treni ya kwenda inatoka saa ngapi. Basi. Ya kurudi ataiangalia akifika. Hapo ndipo watu wanapokwama, manake kwenye reli ya vijijini yenye treni tatu nne tu kwa siku, safari unaipanga kuanzia mwisho, unaanza na ya kurudi alafu ndo unakuja kwenye ya kwenda.

Hapa nazungumzia zile njia ndogo zinazochepuka kutoka reli kuu, njia moja tu ya chuma, stesheni hazina mfanyakazi, na ukikosa treni inayofuata ni baada ya masaa matatu au kesho.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Ratiba yenyewe ya njia hiyo, ile jedwali nzima yenye vituo vyote na treni zote za siku, sio majibu ya aplikesheni peke yake. Aplikesheni inakuonyesha safari uliyouliza, jedwali linakuonyesha na zile ambazo hukuuliza, na hizo ndo zitakuokoa.
- Ratiba ya reli kuu pale unapobadilishia treni, hasa treni zake za jioni.
- Karatasi na kalamu. Ndio, karatasi. Huko mabondeni netiweki inapotea na chaji inaisha.
- Namba ya simu ya teksi ya eneo hilo na ya sehemu ya kulala iliyo karibu na stesheni ya kubadilishia. Zitafute ukiwa nyumbani.
- Tochi, koti, maji na kitu cha kula cha ziada.

Mfano tutakaotumia

Majina na mda nimebuni, ila ratiba za hivi zipo nyingi. Makutano ndo stesheni ya reli kuu. Kijitoni ndo unapotaka kushuka utembee kwa miguu mpaka kwenye maporomoko ya maji. Ukingoni ndo mwisho wa reli.

Kwenda:
Makutano 06:50, 10:15, 14:05, 17:40
Kijitoni 07:35, 11:00, 14:50, 18:25
Ukingoni (kufika) 08:05, 11:30, 15:20, 18:55

Kurudi:
Ukingoni 08:25, 12:10, 15:40, 19:15
Kijitoni 08:55, 12:40, 16:10, 19:45
Makutano (kufika) 09:40, 13:25, 16:55, 20:30

Treni za reli kuu za kukurudisha nyumbani kutoka Makutano jioni: 17:20, 19:10 na ya mwisho 20:25. Asubuhi treni ya kwanza inayokutoa nyumbani inafika Makutano 09:40.

Hatua

1. Hakikisha siku kabla ya kusoma saa. Chini ya jedwali au juu ya kila safu kuna vialama vidogo, nyota, herufi, namba, na kila kimoja kina maana yake pembeni. Hivyo vialama ndo ratiba yenyewe. Vinaweza kusema treni hii haipo Jumapili, hii ni ya siku za shule tu, hii inaishia katikati, hii haisimami kituo chako. Alafu angalia sikukuu, manake sehemu nyingi sikukuu ikiangukia katikati ya wiki treni zinakwenda kwa ratiba ya Jumapili. Mimi hili lilinikuta mwenyewe, ilikuwa Jumatatu ya sikukuu, nikasoma safu ya Jumatatu vizuri kabisa, nikakaa kwenye benchi masaa manne na nusu nikiwa na uhakika kwamba treni imechelewa tu kidogo.

Angalia pia kama siku hiyo kuna matengenezo ya reli. Kukiwa na matengenezo wanaweka basi badala ya treni, na basi lina mambo mawili: linachukua mda mrefu zaidi, na mara nyingi halifiki stesheni yenyewe, linasimama barabarani. Ukiwa umesimama kwenye jukwaa unalisikia tu likipita.

2. Geuza saa za ratiba kuwa saa zetu, na uandike zote mbili. Usicheke, hili linawakwamisha watu wazima. Ratiba inaandika 07:35, mtu anasoma haraka anasema saa saba na nusu, wakati ni saa moja na dakika 35 asubuhi. Toa sita: 16:10 ni saa kumi na dakika kumi jioni. Ikizidi kumi na mbili toa kumi na mbili tena, kwa hiyo 20:25 inakuwa kumi na nne, unatoa kumi na mbili inabaki saa mbili na dakika 25 usiku. Ikibaki sifuri, kama 06:50, hiyo ni saa kumi na mbili. Kwenye karatasi andika "16:10 = saa 10 na dk 10 jioni", ili hata ukiwa umechoka usianze hesabu.

Na treni iliyoandikwa 00 kitu, mfano 00:20, mara nyingi tarehe yake ni ya siku mpya. Ile ya Jumamosi 00:20 inapita usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Ukiisubiri Jumamosi usiku umechelewa siku nzima.

3. Tafuta treni ya mwisho INAYOKUFIKISHA, sio treni ya mwisho. Hii ndo hatua kubwa kuliko zote. Angalia mfano wetu. Treni ya mwisho kutoka Kijitoni ni 19:45, mtu anaiona anafurahi, kumbe inafika Makutano 20:30 na treni ya mwisho ya reli kuu imeondoka 20:25. Dakika tano. Usidhani watakusubiri, maana treni ya reli kuu haiwezi kuzuiwa kwa ajili ya abiria wawili wa huku porini isipokuwa kama ratiba yenyewe inasema zinaungana, na hata hapo uliza.

Kwa hiyo kwa mtu wa kurudi nyumbani siku hiyohiyo, treni ya mwisho ni ya 16:10. Inafika Makutano 16:55, unapanda ya 17:20, na ukichelewa bado kuna 19:10 na 20:25 nyuma yako. Izungushie duara.

4. Panga kurudi na ile iliyo KABLA ya hiyo, kama inawezekana. Kanuni yangu ni hiyo, unapanga na ya pili kutoka mwisho ili ya mwisho ibaki kuwa spea. Hapa ya kabla ni 12:40. Sasa tatizo: unafika Kijitoni 11:00, ukirudi 12:40 una saa moja na dakika 40 tu, na maporomoko ni mwendo wa masaa mawili. Ya 06:50 huwezi kuiwahi kwa sababu kutoka nyumbani unafika Makutano 09:40.

Una njia tatu. Ulale Makutano usiku wa kabla, upande ya 06:50, ufike 07:35, hapo una masaa matano mpaka 12:40 na ya 16:10 inabaki kuwa spea. Au ufupishe matembezi. Au ukubali kurudi na 16:10 bila spea ya kukufikisha nyumbani, lakini ukiwa umeshajua la kufanya ikiharibika. Ya tatu sio ujinga, watu wengi tunaifanya, ila ndo hapo ile 19:45 inapopata kazi: haikufikishi nyumbani lakini inakutoa Kijitoni na kukuweka Makutano, penye taa, watu, teksi na pa kulala. Kukwama mjini ni hasara ya hela. Kukwama kwenye kituo chenye benchi moja na bati juu ni kitu kingine kabisa.

5. Hesabu mda wako wa kuwa nje ya treni, kuanzia treni ya kurudi kwenda nyuma. Tuchukue njia ya tatu, unashuka 11:00 na kurudi 16:10. Wengi wanasema nina masaa matano na dakika kumi, nagawa mbili. Hapana. Unatakiwa uwe jukwaani si chini ya dakika 15 kabla, mimi kwa treni isiyo na spea naweka dakika 30, kwa hiyo lengo ni 15:40. Kuanza kutembea tuseme 11:10. Unabaki na masaa manne na nusu. Usigawe nusu kwa nusu, kurudi umechoka, labda ni kupanda kilima, kwa hiyo masaa mawili ya kwenda na mawili na nusu ya kurudi. Saa ya kugeuka ni 13:10, saa saba na dakika kumi mchana. Weka alamu. Ikilia unageuka hata kama maporomoko unayasikia mbele yako, na hii "bado kidogo tu" ndo imewalaza wengi nje.

6. Jua kama kituo chako ni cha kusimamisha. Vituo vingi vya njia hizi treni haisimami mpaka iombwe. Kwenye ratiba kinakuwa na alama, mara nyingi herufi x ndogo au maneno pembeni. Wakati wa kwenda unamwambia kondakta mapema kwamba unashuka Kijitoni, unamwambia ukipanda tu, usingoje kituo cha kabla. Na kama treni ina mabehewa mengi kuliko urefu wa jukwaa, muulize ushukie mlango wa behewa lipi.

Wakati wa kurudi ni kazi yako kuonekana. Simama mahali dereva anakuona tangu mbali, usijifiche kwenye kibanda ukasubiri usikie mlio, nyanyua mkono wazi wazi mpaka ajibu kwa honi au uone anapunguza mwendo. Giza likiingia washa skrini ya simu uishike juu, usimmulike machoni. Na usikaribie ukingo wa jukwaa, asipokuona atapita kwa kasi.

7. Tiketi. Kwa kuwa stesheni haina ofisi, jua kabla kama unanunua ndani ya treni, kwenye mashine, au kwenye simu. Kama ni ya kwenye simu ihifadhi oflaini au piga skrinshoti, kama wanaikubali. Usinunue tiketi ya kurudi iliyofungwa na treni moja maalum kwenye njia kama hii, ile nafuu ya bei inaisha siku ya kwanza utakapochelewa.

8. Ukishuka, kabla hujaondoka stesheni. Piga picha ratiba iliyobandikwa pale, linganisha na karatasi yako. Zikitofautiana amini uliyopata karibuni zaidi, ila muulize kondakta kabla treni haijaondoka, "ya kurudi saa kumi na dakika kumi leo ipo?" Yeye anajua kama kuna kitu. Angalia pia jukwaa la kurudia ni lipi. Kwenye njia moja mara nyingi jukwaa ni hilohilo kwa pande zote mbili, kwa hiyo soma bango la mbele ya treni au uliza kabla ya kupanda.

Siri ya njia ndogo: treni ni ileile

Kama kuna nadharia moja unayohitaji ni hii. Rudi kwenye mfano uangalie mda. Inafika Ukingoni 15:20, inaondoka 15:40. Inafika Makutano 16:55, inaondoka 17:40. Hakuna treni mbili hapo, ni treni moja inakwenda na kurudi kutwa nzima. Ukiona ratiba ya hivyo, treni yako ya 16:10 ndo hiyohiyo iliyopita kwako 14:50 ikienda.

Hii inakupa mambo matatu. Kwanza unajua mapema. Ile ya 14:50 isipopita, ya 16:10 haitakuja, kwa sababu haiwezi kurudi kutoka ambako haijaenda, kwa hiyo una zaidi ya saa nzima ya kupiga simu mchana badala ya kugundua jioni. Pili unaweza kukisia kuchelewa. Ikipita saa 15:10 imechelewa dakika 20, itafika Ukingoni 15:40, ipe dakika tano kumi za kugeuka, utaiona Kijitoni kama 16:15 au 16:20, na ya 17:20 pale Makutano bado unaiwahi. Ikichelewa dakika 40, hiyo ya 17:20 isahau, panga na 19:10.

Tatu, na hii watu hawaiwazi, unaweza kupanda ikiwa inaelekea kusiko kwako. Umerudi stesheni mapema, 14:40, mvua inanyesha. Panda ya 14:50, nenda nayo mpaka Ukingoni, kaa humohumo urudi nayo. Unalipia kile kipande cha ziada, mwambie kondakta mwanzoni, ila unasubiri ukiwa mkavu na huwezi kuachwa na treni ambayo umo ndani.

Kwenye njia ndefu zaidi zipo treni mbili au tatu, na zinapishana kwenye vituo maalum vyenye njia mbili. Hapo ya kwako inaweza kuchelewa kwa kosa la ile ya upande wa pili, manake lazima isubiri hapo mpaka nyingine iingie. Ukiona mmesimama kituoni dakika kumi bila sababu, kawaida ndo hiyo.

Onyo la Jumapili: tuseme alama inasema 14:05 kutoka Makutano haipo Jumapili. Mtu anayekwenda asubuhi haimhusu, anaipita. Lakini treni isipokwenda haitarudi, kwa hiyo na 16:10 yako imekufa, na umebaki na 12:40 au 19:45. Kila ukiona treni imefutwa upande mmoja, tafuta mwenzake upande wa pili.

Mambo yakiharibika

*Umekosa 16:10, umeiona mgongo tu.* Usianze kutembea kufuata reli kwenda kituo kinachofuata, kamwe, hata kama unaona ni karibu, reli haina pa kukimbilia ukiwa kwenye daraja au handaki. Kwanza angalia kama teksi inaweza kukufikisha Makutano kabla ya 19:10 au 20:25. Piga mapema, teksi ya kijijini inaweza kuhitaji saa nzima kukufikia. Ikishindikana panda ya 18:25 inayoelekea Ukingoni, rudi nayo 19:15. Itafika Makutano ileile 20:30, ila hutakuwa gizani unapunga mkono. Na piga simu ya pa kulala ungali na chaji.

*Saa imefika, treni haijaonekana.* Subiri kwanza. Usiondoke jukwaani dakika kumi za mwanzo kwenda kutafuta netiweki mlimani, ndo itapita. Kama kuna simu ya msaada jukwaani bonyeza, zile zinaunganisha na watu wanaojua treni iko wapi. Ikipita dakika 20 bila taarifa yoyote anza plani ya pili huku ukiwa palepale.

*Imepita bila kusimama.* Andika saa, piga simu ya msaada au ya kampuni palepale, waambie umesimama kituo cha kusimamisha, ulinyanyua mkono na treni imepita. Waulize wanakutoaje hapo. Sehemu nyingine wanalazimika kukutafutia usafiri, hasa ikiwa ile ilikuwa ya mwisho, kwa hiyo uliza kabla hujalipa teksi kwa hela yako, na ukilipa chukua risiti.

*Treni imechelewa na ya reli kuu inaondoka.* Mwambie kondakta mapema ukiwa bado njiani, sio mnapoingia stesheni. Yeye anaweza kuwasiliana na wanaoongoza treni. Wakati mwingine dakika tatu zinapatikana, hasa mkiwa abiria kadhaa mnaobadilisha, kwa hiyo ulizana na wenzako behewani mhesabiane kwanza.

*Ulishuka kituo kisicho chako.* Usihamaki. Tafuta kwenye jedwali treni yoyote inayofuata, upande wowote, na panda iliyo ya kwanza kuja. Ikielekea mwisho wa reli itageuka na wewe ndani, na ikielekea Makutano hapo una nafasi ya kuanza upya.